Shoga, Posa Imejibiwa

Msikilizaji, leo niruhusu nizungumze na shoga yangu. Najua redio yake inasikika hapo jikoni.

Shoga, hongera! Jana wazee walipomjibu mshenga kwamba posa imekubaliwa, ulinipigia ukashindwa kusema. Nikasikia pumzi tu, kisha kicheko. Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu tulipomzika mama yako.

Wengine watakuuliza ukumbi, sare, kamati ya michango. Mimi sikuulizi. Nataka kujua umelala? Umekula? Umemtazama tena yule anayekumenyea embe, halafu akakuachia kokwa kwa kuwa anajua unapenda kulifyonza?

Nimefurahi mpaka machozi, shoga yangu. Kipindi kikiisha nipigie, nikusikie ukicheka tena.