Mpe Mshukiwa Siri Yake

Toa ile rasimu ya upelelezi uliyoiacha. Tafuta ukurasa ambapo mpishi ananaswa na kisu chenye damu, halafu sura tatu mbele tunaambiwa alikuwa amechinja kuku. Hapo ndipo msomaji anapoacha kukuamini, na ana haki. Alimshuku mpishi kwa moyo wote, wewe ukamrudishia kuku.

Kisu hicho kinaokoleka. Dalili ya kupotosha hushika pale inapokuwa dalili ya kweli ya kosa jingine. Agatha Christie alilijua hili vizuri alipoandika riwaya yake ya mwaka 1926 juu ya kifo cha Roger Ackroyd. Usiku wa mauaji, mtumishi Parker anamkuta Flora, binti wa ndugu yake Ackroyd, mlangoni pa chumba cha kusomea cha ami yake, mkono ukiwa kwenye kitasa. Flora anasema ametoka kumuaga. Polisi wanashika hapo: saa ile mzee alikuwa hai. Kumbe Flora hakuingia kabisa. Alikuwa ametoka chumba cha kulala cha ami yake, alikoiba pauni arobaini, na kitasa kilikuwa kisingizio.

Tazama kinachotokea anapokiri. Yeye anabaki na aibu ya wizi, lakini ile saa ambayo wote waliipimia madai yao inaporomoka, na upelelezi unapaswa kuhesabiwa upya. Christie hakumsafisha tu mshukiwa. Kwa kumsafisha aliisogeza kesi mbele. Hicho ndicho kipimo ninachotaka ukibandike mbele ya meza yako: siri ya mshukiwa ikifichuka, mpelelezi apate kitu ambacho hakuwa nacho.

Sasa tufanye kazi. Tuseme Mzee Salehe, mwenye malori pale Tanga, amekutwa amekufa ofisini. Unataka tumshuku Zubeda, mhasibu wake. Kabla hujamwekea dalili yoyote, andika usiku wake pembeni, saa kwa saa, kwa macho yake mwenyewe. Wiki mbili nyuma alichukua shilingi laki tatu kumsaidia dereva aliyeuguliwa na mtoto, akachana karatasi ya daftari ili pengo lisionekane. Usiku ule, saa tatu, alirudi kisirisiri kuzirejesha. Akakuta mlango uko wazi, ilhali mlinzi anaapa kwamba aliufunga saa mbili. Akaogopa, akaondoka. Akisema alichokiona, itabidi aseme pia alifuata nini. Huo ndio ukimya wa mtu tunayemwamini, kwa sababu kila mmoja wetu angenyamaza vivyo hivyo.

Dalili yenyewe ipande wakati mikono ya mpelelezi ina shughuli nyingine. Sura ya tatu, mpelelezi anafungua daftari kutafuta namba ya mteja. Ukurasa wa 46 unafuatwa na wa 49, na uzi wa mshono umelegea. Sentensi moja tu. Kisha mlinzi aingie akifoka kuhusu mshahara wake. Msomaji makini ataiona, mwingine ataikumbuka baadaye, na wote wawili watakuwa umewatendea haki. Sura ya tano, Zubeda ajibu kuhusu fedha wakati ameulizwa kuhusu funguo. Usiongeze ya tatu. Ukimrundikia jasho, mikono inayotetemeka na macho ya wizi, msomaji atajua unamsukuma, naye atamwondoa kwenye orodha papo hapo.

Jihadhari na kuingia kichwani mwake. Ukituonyesha mawazo ya Zubeda na wizi usitajwe, umetudanganya. Ama umtazame kwa nje, ama umwachie hofu yake halisi: anawaza, "Wakilifungua lile daftari nimekwisha." Maneno hayo ni ya kweli kwa mwizi, na yanasikika kama ya muuaji.

Fichua siri yake mapema, tuseme sura ya tisa kati ya kumi na mbili, maana ukiisubirisha hadi mwisho itakuwa maelezo ya haraka katikati ya kishindo cha muuaji. Na kukiri kwake kutuachie ule mlango uliokuwa wazi saa tatu. Sasa mlinzi ana swali la kujibu. Zubeda naye asipotee: kuna deni, kuna kazi anayoweza kufukuzwa, kuna dereva atakayejua fedha zile zilitoka wapi.

Ukimaliza, nakili matukio yote ya Zubeda peke yake, kwa mfuatano, uyasome kana kwamba hakuna maiti. Yanapaswa kusimama kama kisa kamili cha mwanamke anayeficha laki tatu. Ukikuta tendo ambalo lina maana endapo tu yeye ndiye aliyeua, lifute usiku huohuo, hata kama ndiyo sentensi unayoipenda kuliko zote. Kisha fanya hivyohivyo kwa mlinzi.