Elektroni "Ina" Nini?

Tukisema elektroni ina spini ya juu, hilo neno "ina" tunalitumia kama vile tunavyosema kikombe kina chai. Naona ni kosa, na kinachonishawishi ni hesabu ndogo ya matriksi.

Spini ya juu huandikwa (1, 0), ya chini (0, 1). Kuipima kwa upande kunawakilishwa na matriksi X = [[0, 1], [1, 0]], ambayo kazi yake ni kubadilishana nafasi tu: (a, b) huwa (b, a). Ukiipa (1, 0) inaigeuza kabisa. Ukiipa (1, 1) inairudisha ilivyo, na (1, −1) inairudisha ikiwa imezidishwa kwa −1. Hizi mbili ndizo vekta mahususi za X; 1 na −1 ndizo thamani zake, na ndiyo majibu pekee ambayo kipimo kinaweza kutoa. Elektroni "ina" jibu pale tu hali yake inapokuwa mojawapo ya vekta hizo.

Sasa (1, 0) ni nusu ya (1, 1) kujumlisha nusu ya (1, −1). Hapa wanaoanza hujikwaa: wanazipandisha nusu hizo kwenye kipeo cha pili, wanapata robo na robo, jumla nusu. Uwezekano usiofika 1 ni dalili kwamba vekta hazikupewa urefu wa 1. Zigawanye kwanza kwa √2. Kila jibu litapata uwezekano wa 1/2. Spini ya juu, basi, haina jibu la upande.

Ziweke vekta hizo zilizorekebishwa kama safu wima, upate H = (1/√2)[[1, 1], [1, −1]]. HXH ni [[1, 0], [0, −1]]: X ileile, ikiulizwa kwa lugha yake yenyewe. Na HH hurudisha kila vekta ilivyokuwa. H ni matriksi unitari: hubadilisha mtazamo bila kugusa urefu, kwa hiyo jumla ya uwezekano hubaki 1.

Kwa elektroni mbili tunatumia zao la tensa: (a, b) na (c, d) huzaa (ac, ad, bc, bd). Tafuta sasa namba zitakazozaa (1, 0, 0, 1)/√2. ad ni sifuri, basi a au d ni sifuri. Lakini hapo ac au bd nayo inakufa, na zote mbili zinatakiwa. Hakuna namba hizo. Mwaka 1935 Schrödinger aliuita uhusiano huu Verschränkung, kufungamana. Jozi ina vekta. Elektroni moja moja haina vekta yake.

Jaribu mwenyewe (1, 1, 1, 1)/2, kisha (1, 1, 1, −1)/2. Moja inagawanyika, nyingine haigawanyiki.