Nafsi ya Leo na Nafsi ya Kesho: Fedha ya Kahawa katika Miteremko ya Kilimanjaro

Mtu amepata fedha mkononi mwezi wa Novemba, naye anajua yakini kwamba mwezi wa Machi atakuwa na haja nazo. Machi inapofika hana kitu. Je, tumhukumu vipi mtu huyu? Aghlabu watu humwita mbadhirifu, na jambo huishia hapo. Lakini hukumu hiyo haituelezi kitu kimoja cha ajabu: Novemba mtu huyu aliazimia kwa moyo safi kuweka akiba, wala hakuwa akimdanganya yeyote. Basi lile azimio lilikwenda wapi?

Tulitazame swali hili mahali panapojulikana, Moshi na vijiji vya mlimani juu yake. Huko watu wana vihamba vya migomba na mibuni, na kahawa huchumwa tangu Julai hivi mpaka Desemba. Kwa hiyo fedha ya mwaka mzima huingia katika miezi michache. Haja nazo hazingoji msimu. Desemba ndugu walio mbali hurudi nyumbani kwa sikukuu, na nyumba haikosi wageni. Januari shule hufunguliwa. Ada ya shule za serikali hadi kidato cha nne iliondolewa mwaka 2016, lakini sare, viatu na madaftari bado hununuliwa. Kisha mvua za masika hukaribia, na mibuni hutaka kupigwa dawa ya kuzuia kutu ya majani na chulebuni. Asiyenunua dawa kwa wakati wake hupunguza mavuno ya msimu ujao kwa mikono yake mwenyewe.

Sasa tufanye hesabu ndogo, nayo ni mfano tu. Tuseme dawa ya kutosha kihamba kimoja ni shilingi 60,000, na faida yake wakati wa mavuno ni shilingi 90,000. Tuseme pia kwamba moyo wa mwenye kihamba huyu una tabia moja: kilicho cha leo hukihesabu kwa ukamilifu wake, na kila kisicho cha leo, kiwe cha mwezi ujao au cha mwaka ujao, hukihesabu nusu. Novemba akiifikiria dawa, gharama yake na faida yake zote mbili ni mambo ya mbele. Gharama huonekana kama 30,000 na faida kama 45,000. Faida imeshinda, naye huazimia kununua. Machi inapofika, gharama si ya mbele tena, imekuwa ya leo. Moyo sasa huiona 60,000 kamili, na faida imebaki 45,000. Mtu yule yule, dawa ile ile, bei ile ile, na uamuzi umegeuka. Hakusahau wala hakudanganya. Kilichobadilika ni siku aliyosimama akitazama.

Tabia hii wataalamu wa uchumi wameichunguza kwa muda mrefu, na hapa tutaiita pupa ya leo. Si sawa na kutokuwa na subira tu. Yuko mtu asiye na subira ambaye hupunguza thamani ya kila mwezi kwa kadiri moja, mwezi baada ya mwezi. Huyo huweka akiba kidogo, lakini hajigeuki: alichokiazimia Novemba ndicho atakachokitenda Machi. Mwenye pupa ya leo, thamani kwake huporomoka ghafla baina ya leo na kesho, kisha baina ya kesho na mtondo haipungui sana. Ndiyo maana yeye hugombana na nafsi yake mwenyewe.

Tabia hii hupimwa kwa kuuliza swali moja mara mbili. Kwanza mtu huulizwa: wataka shilingi 1,000 leo au 1,200 baada ya mwezi? Kisha: wataka 1,000 baada ya mwaka, au 1,200 baada ya mwaka na mwezi mmoja? Anayechukua 1,000 katika swali la kwanza, na kungoja 1,200 katika la pili, ndiye mwenye dalili. Lakini tuwe na hadhari. Huenda mtu amechagua ya leo kwa kuwa hamwamini anayemwahidi, na hilo si pupa, ni busara. Huenda pia ana mgonjwa ndani leo hii. Tena wako wasioweka akiba kwa sababu nyumbani hapana mahali pa amani pa kuiweka, au kwa kuwa kila shilingi inayoonekana huombwa na ndugu. Kumwita kila masikini mwenye pupa ni dhuluma.

Mwaka 2011 Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walitoa utafiti wao juu ya wakulima wa mahindi wa Busia, magharibi ya Kenya, na mbolea. Wakulima walioonyeshwa faida ya mbolea waliulizwa kama wataitumia msimu ujao. Karibu wote, zaidi ya 97 kwa kila 100, walisema ndiyo. Waliotimiza walikuwa 37 hivi kwa kila 100. Basi wachunguzi wakajaribu jambo dogo. Mara tu baada ya mavuno, fedha zikiwa bado mkononi, walimwendea mkulima nyumbani na kumuuzia hati ya mbolea kwa bei ya kawaida, na mbolea angeletewa bure wakati autakao. Utumiaji uliongezeka sana, kwa kadiri inayolingana na ile iliyopatikana kwa kupunguza bei kwa nusu baadaye msimuni. Kundi jingine waliulizwa kabla ya mavuno wangependa muuzaji aje lini. Karibu nusu yao walisema aje wakati wa mavuno, ingawa kulipa mapema hakukuwapunguzia bei. Watu hao walijijua, wakataka fedha zitoke mikononi kabla nafsi ya Machi haijaamka.

Hii ndiyo akiba ya kufuli: mtu kujifungia leo mlango ambao anajua kesho atataka kuufungua. Mlimani Kilimanjaro kufuli ya namna hii ilikuwako zamani bila ya mtu kuipa jina hilo. Chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, KNCU, kilianzishwa mwaka 1933. Mkulima alipeleka kahawa yake katika chama cha msingi akapewa malipo ya kwanza. Baada ya kahawa kuuzwa mnadani Moshi yalifuata malipo ya pili, na pengine ya mwisho. Haikufanywa hivyo kwa ajili ya akiba, bali kwa kuwa bei haikujulikana mpaka kahawa iuzwe. Hata hivyo mkulima alijikuta na fedha nyingine ikimjia miezi baadaye, wakati ile ya kwanza imekwisha. Tangu msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kuingia vijijini, nao walilipa taslimu papo hapo. Wengi walifurahi, na walikuwa na haki, kwani vyama vya ushirika nchini vilikuwa vimezoea kuchelewesha malipo. Lakini pamoja na ucheleweshaji ule iliondoka pia ile kufuli.

Kwamba kufuli hiyo ina thamani kwa wenyewe, si dhana yetu. Mwaka 2019 Lorenzo Casaburi na Rocco Macchiavello walitoa uchunguzi wa wafugaji wa Kiambu, Kenya, wanaouza maziwa kila siku. Walipopewa hiari ya kulipwa kila siku kwa bei nzuri zaidi, walio wengi walichagua kulipwa na ushirika wao mwisho wa mwezi, kwa bei ndogo. Walikuwa wakilipia kufuli. Ila walimlipia yule tu waliyemwamini kwamba mwisho wa mwezi atakuwapo na fedha. Mchuuzi wa njiani hawakumwamini, naye hawakumkopesha maziwa yao.

Hapa tumefikia kiini cha jambo. Si kila kufuli ni njema. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, katika utafiti uliotoka mwaka 2013, waliwajaribu wanachama wa vikundi vya upatu magharibi ya Kenya waliotaka kuweka akiba ya mambo ya afya. Baadhi walipewa sanduku la bati lenye tundu na ufunguo wake. Wengine walipewa sanduku kama hilo, lakini ufunguo ulikaa kwa afisa, mpaka kiasi kilichokusudiwa kitimie. Mtu angedhani la pili lingefaa zaidi. Ikawa kinyume. Wenye ufunguo mkononi waliongeza matumizi yao ya kinga ya afya kwa theluthi mbili au zaidi. Waliofungiwa hawakuongeza kitu cha maana, kwa kuwa waliogopa kutia fedha mahali ambapo siku ya dharura haziwezi kutoka. Kundi jingine waliambiwa wachangie ndani ya upatu wao fungu la afya, kila mmoja kwa zamu yake. Hao ndio waliofaulu zaidi, wakaongeza kupita mara mbili. Na wale wenye pupa ya leo, sanduku peke yake halikuwasaidia; waliosaidika ni waliokuwa na wenzao wa kuwatazama.

Tazama basi hekima iliyomo. Kwa aliyekosa mahali pa kuweka tu, sanduku latosha. Kwa mwenye kugombana na nafsi yake, macho ya jirani ndiyo kufuli, kwa kuwa haya humzuia, lakini jirani akisikia mtoto ni mgonjwa atamwachia fedha. Bati halisikii.

Labda mtu atauliza: je, ni halali kwa nafsi ya Novemba kumfunga mikono mwenye nafsi ya Machi? Nani ameipa mamlaka? Rai yetu ni kwamba Machi haiamui peke yake, kwa sababu mwenye kudhurika kwa uamuzi wake si yeye. Ni yule wa Septemba atakayekuta mibuni imekauka majani, na mtoto wake. Nafsi ya Novemba ndiyo pekee iliyowatazama wote kwa jicho moja. Lakini haki hiyo ina mipaka mitatu. Kufuli ichaguliwe na mwenyewe, wala asifungiwe na serikali, benki au chama kwa kisingizio cha kumfaa. Pawe na njia ya dharura. Na fedha iliyofungwa ihesabiwe kuwa ni amana, si mtaji wa mshika ufunguo. Kwa nyumba zetu, akiba hii haihitaji riba hata kidogo: hati ya mbolea haikuzaa riba, wala fungu la upatu. Benki ikikuletea akaunti ya kufunga fedha, uliza kwanza kama yaweza kuwa bila ya riba, na ile faini ya kutoa kabla ya wakati inakwenda kwa nani.

Wa Pwani tusidhani kwamba haya ni ya watu wa mlimani tu. Mwenye mikarafuu Pemba, na mvuvi ambaye pepo mbaya humweka ufukoni, wote hupata fedha kwa msimu na kula kwa mwaka. Kila mmoja aitafute siku ambayo fedha yake bado i mkononi na azimio lake bado li hai, na siku hiyo hiyo ainunue haja ya miezi ijayo, au aitie kwa wenzake wa upatu walio waaminifu. Azimio lililobaki moyoni bila ya mtu mwingine kulijua, Machi italikuta peke yake.