Cheti cha Ndoa Hakibadili Jina

Kauli inayorudiwa katika vikao vya harusi, kwamba mke asiyechukua jina la mumewe bado ana mguu mmoja kwao, haina mizizi katika sheria ya Tanzania, wala haina mizizi mirefu katika mila. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimlazimishi mke kubadili jina, na cheti cha ndoa huthibitisha tu kwamba watu wawili wameoana, bila kumpa yeyote kati yao jina jipya. Katika mwambao mwanamke ameitwa binti fulani, yaani kwa jina la baba yake, tangu utotoni hadi kaburini, na hakuna aliyeitilia shaka ndoa yake kwa sababu hiyo, kwa kuwa nasaba ya Kiislamu hufuata baba wala haihamishwi na nikahi.

Wapo watakaosema kwamba jina la mume ni kinga ya mke siku ya talaka au ya mirathi. Hofu hiyo inastahili heshima, kwa maana mjane aliyefukuzwa na mashemeji si hadithi ya kutungwa, lakini kinachomkinga ni uthibitisho wa ndoa, si jina. Bi Hawa Mohamed, ambaye hakuwa na jina la mumewe, Ally Sefu, alifika hadi Mahakama ya Rufani ya Tanzania, nayo mwaka 1983 ikakubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Upande wa Kenya, Wangari, binti Muta, alichukua jina la mume, Mathai, na ndoa ilipovunjika mume akamtaka aliache. Yeye, ambaye tayari alijulikana kwa jina hilo, akaongeza herufi moja na kuwa Maathai, jina ambalo dunia ililisikia alipopata Tuzo ya Amani ya Nobeli mwaka 2004.

Anayeamua kubadili lazima ajue anachoanzisha. Uchukuliwe mfano wa kubuni wa Neema Yohana Mrema, mwalimu anayeolewa na Bwana Kessy na kutaka kuitwa Neema Kessy. Hatua ya kwanza ni hati ya kubadili jina, yaani tamko rasmi ambalo huandaliwa na wakili, ambamo mhusika analiacha jina la zamani na kutangaza jipya, kisha husajiliwa kwa Msajili wa Hati katika wizara inayoshughulikia ardhi. Baada ya hapo hufuata NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, nayo yafaa itangulie nyingine zote, kwa sababu benki, laini ya simu, namba ya mlipakodi na pasipoti huegemea kumbukumbu zake. Akianza na benki, huenda akarudishwa, kwa kuwa jina analolitaja halifanani na lililomo katika kitambulisho.

Hata hivyo mnyororo huo haufiki mwisho, kwani vyeti vya mitihani hubaki na jina ambalo mtahiniwa alisajiliwa nalo. Neema Kessy ataomba kazi kwa cheti cha kidato cha nne cha Neema Yohana Mrema, na kila uhakiki wa watumishi utamdai aeleze upya kwamba wawili hao ni mtu mmoja. Mumewe hatadaiwa maelezo hayo hata mara moja, na hapo ndipo ulipo uonevu, kwa kuwa ndoa ni ya wawili ilhali gharama ya nyaraka inabebwa na mmoja.

Kuunganisha majina, kama Mrema-Kessy, huonekana kuwa suluhu ya kuwaridhisha wazee wa pande zote mbili, lakini mashine hazina adabu hiyo. Mistari ya chini ya pasipoti, ile inayosomwa na mashine, haina kistari, na mahali pake huwekwa alama ya <, wakati tiketi ya ndege aghalabu huyabana majina yote mawili kuwa neno moja, na fomu za ofisi zenye nafasi tatu tu humlazimisha mwenye majina manne kuacha moja, leo hili na kesho lile.

Kwa hiyo ushauri ulio salama kwa bibi harusi ni kubaki na jina la vyeti vyake katika kila karatasi, na kuitikia Mama Kessy kanisani, mtaani na kwa wakwe kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa heshima ya kuitwa hivyo haihitaji mhuri. Aliyekwisha kubadili asirudi nyuma kwa pupa, maana kurudi kunadai hati nyingine. Atunze nakala zilizothibitishwa za hati yake na za cheti cha ndoa pamoja na vyeti vya shule, na kabla ya kusaini mkataba wowote ahakikishe jina lililoandikwa humo ni lile lile lililo katika kitambulisho, herufi kwa herufi.