Dari ya Sauti

Mtaa wa Msimbazi, jioni, duka la simu na duka la viatu yamepakana, na kila moja limetoa spika mlangoni. Wa simu akipandisha sauti, wa viatu naye anapandisha. Ukiwauliza, hakuna anayefurahia kelele ile. Kila mmoja ana sababu ya maana: asipopandisha, mteja atamsikia jirani. Baada ya nusu saa wote wawili wamefika mwisho wa kitufe, spika zinakwaruza, na mpita njia hashiki neno hata moja la tangazo lolote. Mashindano ya namna hii yaliupata muziki wa roki kuanzia miaka ya 1990, isipokuwa kule kelele haikuishia mlangoni. Iliingizwa ndani ya nyimbo zenyewe, ikauzwa nazo.

Sauti iliyohifadhiwa kidijitali ina dari. Dari hiyo huitwa desibeli sifuri, na viwango vyote vingine huhesabiwa kwenda chini yake. Hakuna namba iliyo juu ya sifuri. Kwa hiyo mtu anayetaka albamu yake isikike kubwa kuliko ya mwenzake hawezi kuinua dari. Anachoweza ni kuinua sakafu. Chombo cha kazi hiyo ni kompresa, nayo hutumika pia katika mastaringi, hatua ya mwisho kabla wimbo haujatoka.

Tuseme mpigo wa ngoma unafika desibeli 4 chini ya dari, na gitaa la taratibu mwanzoni mwa wimbo liko desibeli 30 chini. Kati yao kuna umbali wa desibeli 26. Fundi anaiwekea kompresa mpaka katika desibeli 20 chini ya dari, na kuiagiza kwamba kila desibeli 4 zinazovuka mpaka zitoke kama 1. Ngoma ilikuwa imevuka kwa 16, sasa inavuka kwa 4, yaani imeshushwa hadi 16 chini ya dari. Gitaa halikuugusa mpaka, limebaki palepale. Kisha fundi anainua wimbo mzima kwa desibeli 16. Ngoma inagonga dari, na gitaa lililokuwa linanong'ona liko 14 tu chini yake. Umbali wa 26 umekuwa 14. Kompresa ikitumika kwa kiasi hufanya kazi nzuri, na karibu kila rekodi unayoipenda imepita humo. Tatizo huanza fundi anapoendelea kuinua wakati nafasi imekwisha: vilele vya mawimbi hukatwa vikawa bapa, na kila kilele kilichokatwa huzaa mikwaruzo ambayo hakuna mwanamuziki aliyeipiga.

Mtu mwenye akili timamu anaendaje kufanya hivyo? Jibu liko sikioni. Sauti ikiwa ndogo, sikio letu husikia besi na zile sauti nyembamba za juu kwa udhaifu zaidi. Jambo hilo lilipimwa na Fletcher na Munson mwaka 1933. Ukipiga rekodi ileile mara mbili, ya pili ikiwa kubwa kidogo, msikilizaji atasema ya pili ni bora, ina uzito, inang'aa. Hatasema ni kubwa. Basi bosi wa kampuni anayelinganisha albamu yake na ya mpinzani, moja baada ya nyingine, anahukumu kwa kipimo kinachomdanganya, tena kwa nia njema kabisa.

Septemba 2008 Metallica walitoa Death Magnetic. Siku hiyohiyo nyimbo zake ziliwekwa pia katika mchezo wa video wa Guitar Hero, na toleo la mchezo halikuwa limebanwa kama la sidii. Kwa mara moja wasikilizaji wa kawaida wakapata kitu ambacho hutoka nadra: onyesho lilelile, katika hali mbili, la kuwekwa kando kwa kando. Ukichora mawimbi ya sidii unapata tofali jeusi. Ya mchezo yana miiba, na kila mwiba ni mpigo wa ngoma. Kwa kipimo cha umbali kati ya vilele na wastani wa sauti, sidii ilipata desibeli 3, toleo la mchezo zaidi ya 10. Zaidi ya watu 10,000 walitia saini ombi la albamu ifanywe upya.

Kilichonivutia zaidi ni majibu. Fundi wa mastaringi, Ted Jensen, alieleza kuwa nyimbo zilimfikia zikiwa zimekwisha kubanwa hadi mwisho kabla hajazigusa, na kwamba kazi hiyo haimpi fahari. Mpiga ngoma Lars Ulrich yeye aliitetea sauti ile. Ukifuata mnyororo mzima, kila mtu anamwonyesha aliye kabla yake au soko lililo mbele yake. Lakini miezi michache baadaye Bob Ludwig, aliyefanya mastaringi ya Chinese Democracy ya Guns N' Roses, aliwapelekea matoleo matatu yenye viwango tofauti vya kubanwa, nao wakachagua lililobanwa kidogo kuliko yote. Soko lilikuwa lilelile. Kwa hiyo kusema "soko lilitulazimisha" ni nusu ya ukweli.

Ninayekaa mjini hapa nina pingamizi langu mwenyewe. Mnong'ono wa gitaa una faida gani ndani ya daladala linaloelekea Gerezani? Kelele ya injini na honi inaumeza, na wimbo uliobanwa ndio unaosikika. Ni kweli. Ila kubana kunaweza kufanyika mwishoni, kwenye redio ya gari au simu ya anayesikiliza, na akifika nyumbani akakuzima. Kilele kilichokatwa kwenye masta hakirudi. Mwenye kelele anaweza kujipunguzia umbali. Mwenye chumba kimya hawezi kujirudishia. Hapo ndipo ninapoliona kosa: watu wachache walimwamulia kila msikilizaji, wa leo na wa baadaye, jambo lisiloweza kutenguliwa, ilhali lingeweza kuachwa mikononi mwake.

Siku hizi mitandao ya muziki husawazisha. Spotify kwa kawaida hulenga wastani wa desibeli 14 chini ya dari, hivyo albamu yenye wastani wa 6 chini inashushwa 8 nzima. Vilele vyake vilivyobapa vinashuka nayo, na ngoma yake inasikika dhaifu kuliko ya albamu iliyoachwa ipumue. Faida ya kupiga kelele imeondolewa. Lakini Kariakoo muziki bado hutembea kwa flashi na memori kadi, kutoka mkononi hadi kwenye amplifaya, bila msawazishaji katikati.

Rafiki yangu ana studio ya chumba kimoja huku nyuma ya sokoni. Mteja wake, kijana mwenye bendi ya roki, alilalamika kuwa wimbo wake "unazama" ukipigwa baada ya wa wengine. Rafiki yangu akatengeneza matoleo mawili, akaniuliza ampe lipi. Nikamwambia alishushe lile kubwa mpaka yalingane kwa sikio, kisha ampigie yote bila kumwambia lipi ni lipi. Akafanya hivyo. Kijana akarudia mara tatu pale ngoma zinapoingia, akanyoosha kidole kwenye toleo lisilobanwa. "Hili, kaka. Hapa ngoma inanigonga."

Kisha akaomba flashi iwekwe lile lingine, kwa sababu Jumamosi wimbo wake ulikuwa unapigwa baa, wa nne katika orodha, na watatu wa mwanzo alikuwa anawajua.