"Ukiwa na Swali, Usisite"

Ujumbe wa bosi uliingia kwenye grupu la ofisi saa mbili na nusu asubuhi: leo tuna mwenzetu mpya kitengo cha malipo, tumkaribishe. Ndani ya dakika kumi zikafuata karibu kumi na nne. Karibu sana dada. Karibu kwenye familia. Jisikie nyumbani. Maua, mikono iliyokutanishwa, na wazee wetu wawili wa stoo waliojibu shikamooni yake kwa marahaba ya sauti. Wa tisa au wa kumi nilikuwa mimi, nikaandika yale tuandikayo wote: "Karibu sana dada, ukiwa na swali lolote usisite kuuliza." Nikaweka simu mezani, nikaendelea na chai yangu, roho nyeupe.

Wiki tatu baadaye dada huyo alikuwa amesimama mbele ya meza ya bosi, na bosi anamwuliza: "Sasa kwa nini hukuuliza? Si ulikaribishwa? Si uliambiwa uulize?"

Tangu siku ile sentensi yangu imenikaa kooni. Nilidhani nimempa kitu. Kumbe siku ya hukumu sentensi ileile ilisimama upande wa mashtaka, dhidi yake.

Kosa lenyewe lilikuwa hili. Ofisi yetu, hapa Dar es Salaam, ikimlipa mtoa huduma inakata kodi ya zuio asilimia 5 na kuipeleka serikalini. Tuseme fundi wa viyoyozi ameleta ankara ya shilingi 1,180,000. Ndani yake huduma ni 1,000,000, na 180,000 ni kodi ya ongezeko la thamani. Zuio linakatwa kwenye ile milioni moja tu, yaani 50,000, na fundi anapokea 1,130,000. Mwenzetu alikuwa anakata kwenye jumla, kwa hiyo 59,000. Tofauti ni shilingi elfu tisa, na kwa ankara moja hakuna anayepiga kelele. Alifanya hivyo kwa ankara kumi na moja, nyingine kubwa kuliko hiyo ya fundi, mpaka mtoa huduma mmoja mwenye mhasibu makini akapiga simu akitaka pesa yake.

Tuliokuwa pale tulijieleza upesi kwamba dada ni mwoga, au anajisikia, hapendi kuonekana hajui. Baadaye nilimwuliza, tukiwa wawili tu, kwa nini hakuniuliza hata mimi. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Nikuulize nini, kaka? Mimi nilikuwa najua kukata zuio. Nimekata miaka minne." Alikotoka, watoa huduma wao wote walikuwa wadogo, hawajasajiliwa kwenye kodi ya ongezeko la thamani. Kwao jumla ya ankara ndiyo thamani ya huduma, na kukata kwenye jumla ni kukata sawasawa. Mkono wake ulikuwa na uzoefu wa miaka minne, na uzoefu huohuo ndio uliomponza. Swali la kuuliza halikuwepo kichwani mwake.

Kuna mazungumzo ya Plato yaitwayo *Meno* (ni jina la mtu, si ya kutafunia) ambamo huyo Meno anambana Sokrates kwa swali gumu: utatafutaje kitu usichokijua kabisa? Na ukikutana nacho, utajuaje kwamba ndicho? Sokrates anamwita kijana mtumwa wa nyumba hiyo na kumchorea mraba wenye upande wa futi mbili, eneo lake futi nne. Anamwambia atengeneze mraba wenye eneo maradufu, futi nane. Kijana hasiti: zidisha upande mara mbili. Upande wa futi nne. Hana wasiwasi wala swali, na amekosea, kwa sababu upande wa nne unatoa eneo la kumi na sita. Anakuja kuliona hilo baada ya Sokrates kumwuliza jambo mojamoja huku akimwonyesha mchoro.

Wanafalsafa wamegombana sana juu ya Sokrates alithibitisha nini pale. Mimi nimebaki na jambo dogo tu, la nani alikuwa anamwuliza nani. Maswali yalitoka kwa aliyeuona mraba wote. Sokrates hakumwambia yule kijana "ukiwa na swali usisite" kisha akaenda zake sokoni. Angefanya hivyo, kijana angeondoka na futi nne zake, ameridhika.

Hapo ndipo ninapoona ubaya wa sentensi yetu. Inampa mgeni kazi ambayo yeye ndiye mtu wa mwisho kuiweza, ya kujua asichokijua. Kisha mambo yakiharibika, inatusafisha sisi.

Mtu atasema, bwana, ile ni adabu tu, usiipime kwenye mizani ya dhahabu. Kweli, tunazo karibu za namna hiyo. Ukinikuta nakula nitasema karibu chakula, nawe utajibu asante, nimetoka kula sasa hivi, na sote wawili tunajua sahani ni ya mtu mmoja. Hakuna aliyedanganywa. Lakini karibu hiyo inafanya kazi kwa sababu wote wawili tunajua kanuni zake. Mgeni wa ofisi hazijui. Hajui kama karibu yetu ni ile ya sahani au ni ile ya mwenyeji aliyekwisha kuchinja kuku. Isitoshe, mwenye sahani hatakuja kukushitaki kesho kwamba ulikufa njaa ilhali alikukaribisha. Sisi tulimshitaki. Neno likitumika kumdai mtu, basi lilikuwa ahadi, na ahadi ni deni kwa aliyeitoa kwanza.

Na asije mtu akasema dada hakuuliza kabisa. Siku ya tatu aliandika kwenye grupu: "Habari zenu, naomba kuuliza, ankara ikishasainiwa inapelekwa kwa nani?" Nilikuja kuwauliza wenzangu. Ujumbe ulisomwa na karibu wote kabla ya saa sita. Mimi niliusoma nikiwa benki kwenye foleni, nikasema moyoni, atajibiwa na wa masijala. Wa masijala, nilipomwuliza, alisema aliona ni jambo la wahasibu. Jioni palibaki alama tu kwamba ujumbe umefutwa. Hakuandika swali jingine humo tena, na siwezi kumlaumu.

John Darley na Bibb Latané walichapisha mwaka 1968 jaribio ambalo lingeweza kuwa picha ya grupu letu. Wanafunzi waliwekwa kila mmoja chumba chake, wakizungumza kwa intakomu, na ghafla mmoja akasikika kama amepatwa na kifafa. Ilikuwa sauti iliyorekodiwa, lakini wao hawakujua. Walioamini wako peke yao na mgonjwa, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla kifafa hakijaisha. Walioamini kuna wengine wanne wanaosikia, asilimia 31. Watafiti walieleza kwamba hawa wa mwisho hawakuonekana watu wasiojali. Wengi walikuwa wanahangaika rohoni, kila mmoja akidhani labda mwingine ameshachukua hatua. Swali la ankara si kifafa, najua. Ila mfumo ni uleule: tuliahidi watu kumi na nne kwa maneno yaleyale, na deni la watu kumi na nne kila mmoja alidhani linalipwa na jirani.

Basi iandikwe nini? Nimejaribu mara mbili tangu wakati ule. Ya karibuni ilikuwa hivi:

"Karibu sana. Mimi ndiye ninayepitia ankara kabla hazijaenda kwa mhasibu mkuu, meza yangu ni ile ya karibu na printa. Ankara zako tano za kwanza tuzipitie pamoja kabla hujazituma. Kesho saa nne nitakuja mezani kwako. Swali la haraka nitumie inboksi, nitajibu siku hiyohiyo, isipokuwa kuanzia tarehe 28 tunapofunga mwezi, hapo nivumilie hadi kesho yake."

Si ujumbe mtamu. Bosi alinitania kwamba nimeandika mkataba. Lakini kila kipande kina sababu. Meza na kazi yangu vinamwambia mimi ni mtu wa maswali gani, maana "swali lolote" halimsaidii mtu kuchagua wa kumwuliza. Inboksi inampa mahali pa kukosea bila bosi kutazama. Tarehe 28 ni ukweli wangu, kwani ahadi isiyo na mpaka ndiyo huwa ya kwanza kuvunjika, na mgeni akigonga mlango mara moja ukakosa kufunguliwa, harudi. Na "nitakuja" ndicho kitenzi nilichokikosa mara ya kwanza. Zile ankara tano si mtihani, ni mchoro wa mraba. Tukizitazama wote wawili, nitaliona kosa ambalo yeye haliulizii kwa kuwa kwake si kosa.

Nikishaandika hivyo, wengine hawana haja ya kurudia. Safari hii mwenzangu wa masijala aliongeza mstari mmoja tu: barua na mihuri, mimi. Wengine wakatuma maua, na maua ni sawa kabisa. Karibu bila ahadi haina ubaya wowote, ubaya unaanzia kwenye ile nusu ya pili inayoandikwa bila nia.

Kuna pingamizi moja ambalo bado linanisumbua. Dada mwenyewe aliniambia, alipousoma ule mkataba wangu, kwamba yeye siku ya kwanza angeukasirikia. Mtu wa miaka minne kazini, unamwambia alete ankara zake zikaguliwe kama mwanafunzi? Nilimjibu kwamba huo ni utaratibu wa kila mgeni. Akasema hilo mgeni halijui, yeye anajiona yeye tu. Ana haki. Kumsubiri mtu aulize ni kumtelekeza, na kumfuata kabla hajauliza kuna dharau fulani ndani yake, hata ukitabasamu. Labda ndiyo maana sote tunapenda ile sentensi ya kusubiri. Haimuudhi mtu yeyote.

Mwezi uliopita alikuja kijana mpya kwenye kitengo chake. Kwenye grupu dada aliandika karibu tu, neno moja, bila ua. Saa nne nilimwona amevuta kiti mezani kwa kijana, ameshika ankara ya zamani yenye wino wake mwekundu. "Hii niliikosea mimi nilipofika hapa," akamwambia, "nikakatwa na maneno. Hebu niambie, kule ulikotoka zuio mlikuwa mnakata kwenye jumla, au mnatoa kwanza ongezeko la thamani?"

Kijana akaiangalia ankara muda mrefu kidogo. "Kwani kuna tofauti?" akauliza.