Andikeni Siku, Mila na Mashahidi: Nasaha kwa Waliooana Kimila

Wanangu, mmeoana kimila, wazee wamekula na kubariki, na sasa mnataka cheti. Benki imekiulizia, au ubalozi, au mwajiri anayetaka kuandika jina la mke kwenye bima ya matibabu. Nimekaa katika mabaraza mengi ya mahari na nimeweka sahihi yangu kama shahidi wa vijana wetu mbele ya Msajili wa Ndoa. Nataka niwaambie yale ninayowaambia wa nyumbani kwangu wanapokuja na karatasi tupu wakiuliza, "Mzee, tuandike nini?"

Kwanza jueni sheria inasimama wapi. Hapa Kenya, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, iliyoanza kutumika tarehe 20 Mei mwaka huo, iliweka ndoa ya kimila katika daraja moja na ile ya kanisani, ya kiserikali, ya Kihindu na ya Kiislamu. Kanuni za kusajili ndoa za kimila zilianza kutumika Agosti 2017. Kwa hiyo mnapomwandikia Msajili hamwendi kufungishwa ndoa nyingine. Mnamwarifu kwamba ndoa imekwisha kufungwa nyumbani, naye akiridhika ataiandika daftarini na kuwapa cheti.

Sheria imeweka muda wa aina mbili, na vijana wengi huuchanganya. Taarifa ya ndoa impate Msajili ndani ya miezi mitatu tangu siku mila ilipokamilika. Kisha ombi la cheti lifanywe ndani ya miezi sita tangu ndoa, na hapo nyote wawili mfike ana kwa ana mbele ya afisa wa usajili. Mmoja hawezi kwenda kwa niaba ya mwenzake. Kama mume anafanya kazi Qatar, likizo yake ipangwe kwa kuangalia kalenda hiyo.

Muda huo wote huhesabiwa tangu siku ya ndoa, na hapo ndipo penye kazi kubwa. Siku ya ndoa ya kanisani iko wazi, maana padri aliiandika. Ndoa ya kimila hujengwa hatua kwa hatua: kubisha hodi, kujitambulisha, kupatana mahari, kuleta sehemu ya mahari, sherehe. Ipi kati ya hizo ndiyo siku ya ndoa? Jibu liko ndani ya mila yenyewe. Kwa Wakamba ni ntheo, wale mbuzi wanaopelekwa kwa wazazi wa msichana na kuchinjwa huko. Kwa Wakikuyu ni ngurario, siku ambayo damu ya mnyama humwagika na bwana harusi hukata bega la nyama mbele ya pande zote mbili. Mahakama zetu zimekataa ndoa zaidi ya moja kwa sababu mahari ilionekana lakini ntheo au ngurario haikuonekana. Kwa hiyo msiandike tarehe ya picha nzuri. Andikeni tarehe ya tendo ambalo wazee wenu wakiulizwa watasema, "Hapo ndipo alipokuwa mke."

Niwape mfano. Tuseme kijana ni Mkikuyu wa Murang'a na msichana ni Mkamba wa Machakos. Watu wa kijana walikwenda Machakos mara ya kwanza Desemba 2025, wakajitambulisha. Jumamosi ya tarehe 7 Machi 2026 wakapeleka mbuzi wa ntheo na sehemu ya mahari. Ngurario imepangwa Desemba 2026, fedha zikipatikana. Kijana kwa mapenzi ya kwao anataka kuandika kwamba wameoana kwa mila ya Kikuyu. Namwambia asiandike hivyo, maana atakuwa anaapa kwamba jambo ambalo halijafanyika limefanyika. Sheria inaruhusu ndoa ifuate mila ya jamii ya mmoja wao au ya wote wawili. Ndoa yao imekamilika kwa mila ya Kikamba, basi barua iseme Kikamba. Tarehe ni 7 Machi 2026, si ile ya Desemba walipokwenda kujitambulisha. Taarifa inatakiwa ifike kabla ya tarehe 7 Juni, na ombi la cheti kabla ya tarehe 7 Septemba. Ngurario itakapofanyika itakuwa heshima kwa wazazi wa Murang'a, wala haitagusa kilichoandikwa.

Kijana huyo huyo ataniuliza, "Lakini mahari sijamaliza." Asitishike. Pale mila inapodai mahari ili kuthibitisha ndoa, sheria inasema sehemu ndogo tu inatosha. Asiandike kwamba amelipa yote. Aandike kilichopelekwa siku hiyo na kilichobaki kwa mapatano ya wazee. Barua inayosema ukweli wa deni ina nguvu kuliko inayojidai imelipa yote, kisha shemeji akaulizwa na akasema bado kuna mbuzi wanaodaiwa.

Sasa maneno yenyewe. Ofisi ina fomu zake, na siku hizi safari huanzia kwenye mtandao wa eCitizen, lakini tamko mtalitunga wenyewe. Liwe fupi, kwa mfano hivi:

"Sisi wawili, ambao majina yetu kamili na nambari za vitambulisho ziko hapo juu, tunatamka kwamba tulioana kwa mila ya Wakamba tarehe 7 Machi 2026, nyumbani kwa wazazi wa mke, Machakos. Siku hiyo mbuzi wa ntheo walipelekwa na kupokewa, na sehemu ya mahari ikatolewa. Matendo yanayotakiwa na mila hiyo ili ndoa itambuliwe yamekamilika. Siku ya ndoa kila mmoja wetu alikuwa ametimiza miaka 18. Hatuna undugu unaokatazwa. Kila mmoja alikubali kwa hiari yake."

Kila sentensi hapo ina kazi. Sheria inataka mtaje mila iliyofuatwa, mtamke kwamba masharti yake yametimizwa, na mthibitishe yale mambo matatu ya mwisho: umri, kutokuwa na undugu uliokatazwa, na hiari. Ikikosekana sentensi moja, faili hurudishwa. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Kama kitambulisho kinasema Mutua nanyi mkaandika Mutuwa, siku ya kudai urithi au pensheni herufi moja hiyo itawapeleka kwa wakili kula kiapo.

Chini ya tamko sheria inataka sahihi, au alama ya kidole, za mashahidi wawili watu wazima, na kila mmoja awe alishika nafasi muhimu ya kimila siku ile. Hapo vijana hupenda kuleta rafiki wa chuo aliyesimamia gari na kupiga picha. Huyo alihudhuria tu. Leteni mshenga aliyesema kwa niaba ya upande wa kijana, na kwa upande wa msichana leteni mjomba au mzee aliyepokea mbuzi. Mbele ya jina la kila mmoja andikeni alifanya nini: "Alipokea mbuzi wa ntheo kwa niaba ya ukoo." Kabla hawajatia sahihi, mwulizeni kila mmoja peke yake siku na mahali. Mmoja akisema Februari na mwingine Machi, msiende ofisini. Kaeni nao mpaka siku ipatikane, maana ujumbe wa simu wa kutuma fedha za mbuzi bado uko na una tarehe yake.

Ofisi pia huomba barua ya chifu, pamoja na nakala za vitambulisho na picha za pasipoti. Isomeni barua ya chifu kabla hamjaondoka pale kwake. Nimeona nyingi zinazosema, "Hawa ni mume na mke, wanaishi pamoja katika eneo langu." Kuishi pamoja si kukamilisha mila. Mahakama ya Juu, katika hukumu yake ya Januari 2023, ilisema kudhania ndoa kwa sababu watu wameishi pamoja ni jambo la nadra lenye masharti makali. Mwombeni chifu aandike kile anachokijua kuhusu sherehe: ilifanyika lini, kwa nani, na kwa mila gani. Kama hajui lolote, wazee wa pande zote wamweleze kwanza.

Yako mambo mawili ya kusemwa waziwazi kabla ya kutia sahihi. La kwanza: kama mmoja wenu alifunga ndoa ya kanisani au ya kiserikali na mtu mwingine, na ndoa hiyo haijavunjwa mahakamani, hakuna barua itakayoihalalisha ndoa hii. Ni batili hata kama mbuzi walikuwa mia. Kutengana miaka mingi si talaka. Leteni amri ya mahakama ya talaka, au cheti cha kifo cha yule mwenzi. Kuapa uongo juu ya jambo hilo ni kosa la jinai.

La pili ni kwenu wasichana zaidi. Sheria huichukulia ndoa ya kimila kuwa yenye wake wengi, au inayoweza kuwa hivyo. Cheti mtakachopewa ni cha ndoa ya namna hiyo. Kama mmeahidiana mke mmoja, ahadi ya chumbani haimfungi mtu mbele ya sheria. Sheria inaruhusu kuibadili ndoa hiyo kuwa ya mke mmoja, kama kuna mke mmoja tu na kila mmoja akitamka kwa hiari yake. Liulizeni jambo hilo kwa afisa mnapokwenda, na lizungumzeni nyumbani kabla ya siku hiyo, si mbele ya meza yake.

Na kama muda umepita? Kuchelewa hakumfanyi mke asiwe mke. Mahakama bado husikiliza ushahidi wa mila. Lakini ushahidi huo ni wa watu, na watu hufa. Nimeona mjane akitafuta mzee wa kusema kwamba ntheo ilipelekwa, wakati mshenga amekwisha kuzikwa na ndugu wa marehemu wamefunga midomo kwa sababu ya shamba. Nendeni ofisini hata mkiwa mmechelewa, mwelezeni afisa ukweli wa tarehe, na msiisogeze siku ya ndoa mbele ili ionekane mpya. Tarehe ya uongo itapingana na cheti cha kuzaliwa cha mtoto wenu wa kwanza, na hapo hata yaliyo kweli yatatiliwa shaka.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mkishapewa cheti, someni kila jina na kila tarehe mkiwa bado mmesimama pale dirishani, maana kurekebisha baadaye ni safari nyingine. Kisha toeni nakala ya cheti na ya tamko lenu. Moja ikae kwa wazazi wa mke, nyingine kwa wazazi wa mume, ili siku swali litakapokuja kila upande uwe na jibu lile lile.